Jinsi ya kubuni mfumo wa elimu wa nchi ya hadithi: kutoka kumbi la jando hadi chuo cha wateule

Anayebuni nchi ya kwenye riwaya huanza na ramani, halafu ukoo wa watawala, halafu vita. Shule huja mwishoni, na mara nyingi huwa jengo tu: lina kengele, mwalimu mkali na mtoto mwenye kipaji. Jengo la namna hiyo haliwezi kueleza kwa nini watu wa nchi hiyo wanaamini wanachoamini. Imani ya rika zima haitoki kwenye orodha ya masomo. Inatokana na siri ambayo mtoto ameaminiwa, na mtu aliyemwamini, na mlango aliofungiwa wakati wenzake wanaingia. Sisi tuliokulia huku Mtwara na Lindi tuna bahati katika jambo hili, kwa kuwa tumeona shule mbili zikigombea mtoto mmoja: kumbi na darasa. Mwongozo huu unafuata nchi moja ya kubuni tangu mwanzo hadi watoto wake wafikishe miaka 35, ili uone kila uamuzi unazaa nini.

Nchi yenyewe tuiite Litundu. Ni uwanda wa juu usio na mito. Mvua ikinyesha, maji huzama mchangani na kutokea chini kabisa, bondeni. Anayeijua Newala au Tandahimba anajua nimeichukua wapi: katika uwanda wa Makonde wanawake walikuwa wakishuka mteremko kwa saa nyingi na kupanda na mtungi kichwani. Katika Litundu, mtawala wa bandari, anayeitwa Mwinyi wa Rasini, alijenga birika la mawe katika kila kijiji ili kukusanya mvua, na kwa kila birika akaweka karani mwenye ufunguo. Hivyo ndivyo Rasini ilivyoupata uwanda.

Hatua ya 1: Chagua swali moja ambalo shule zote zitalijibu

Usianze na masomo. Anza na swali ambalo kila mtu mzima wa nchi hiyo analazimika kulijibu katika maisha yake, na ambalo majibu yake yanaweza kumwaga damu. Kwa Litundu, swali ni hili: maji ni ya nani?

Andika majibu ya pande mbili kwa maneno yao wenyewe. Rasini wanasema, "Maji ni ya aliyejenga birika." Mabibi wa uwandani wanasema, "Maji ni ya ukoo wa mama, kwa kuwa mama ndiye aliyeyapandisha." Jibu la pili lina mizizi ya kweli huku kusini. Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Ukiipa nchi yako ukoo wa mama, basi umeamua tayari nani anampeleka mtoto kumbini, nani analipa, na nani anaumia chuo kikimchukua. Ni mjomba. Baba anakuja nyuma.

Sasa una shule mbili zenye kazi: kumbi linafundisha jibu la mabibi, Chuo cha Rasini kinafundisha jibu la Mwinyi. Kama huwezi kusema kwa sentensi moja kila shule inataka mtu wa miaka 30 aamini nini, usiendelee.

Hatua ya 2: Hesabu watoto na unga

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua mambo mengi baadaye. Tuseme Litundu ina watu 60,000 katika vijiji 120, kila kijiji watu 500. Katika nchi isiyo na hospitali, kadirio la vizazi 40 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka ni la kawaida, kwa hiyo wanazaliwa watoto 2,400. Tuseme theluthi moja hawafiki miaka 10. Wanabaki 1,600 kwa mwaka, wavulana na wasichana, yaani kama watoto 13 kwa kila kijiji.

Wavulana sita au saba ni wachache kwa kumbi. Gharama ya ngariba, walezi na ngoma ni ile ile wakiwa sita au ishirini. Kwa hiyo kijiji kinasubiri miaka mitatu, wanatimia 20, na kumbi linachanganya watoto wa miaka 10 hadi 12. Hapo ndipo rika linapozaliwa: kundi la watu wasiolingana umri ambao maisha yao yote wataitwa kwa jina moja, labda jina la nzige au njaa ya mwaka ule. Hukulibuni kwa kutafuta kitu cha kuvutia, limetoka lenyewe kwenye hesabu.

Halafu unga. Wavulana 20, nusu kilo kwa siku kila mmoja, siku 60, ni kilo 600, kabla walezi hawajala. Kiasi hicho hakipatikani ghala likiwa tupu, kwa hiyo kumbi lazima lifuate mavuno. Huku kwetu pia majira yanaongozwa na chakula na pesa. Siku hizi jando na unyago vimeangukia zaidi likizo za Juni na Disemba, na Disemba ina nguvu zake kwa sababu korosho zimeshauzwa na mjomba ana kitu mfukoni. Nchini kwako jiulize: mavuno yakikosa, inakuwaje? Kumbi linaahirishwa mwaka mmoja. Mvulana wa miaka 13 anabaki mtoto, hakai na wanaume barazani, hachimbi kaburi, na binti anayemngoja anaposwa na mwingine. Mwaka mmoja wa ukame unatengeneza rika lenye kinyongo, wala hujaandika vita yoyote bado.

Hatua ya 3: Tengeneza siri, na umpe mtu wa kuibeba

Kumbi bila siri ni kambi ya kulala nje tu. Na hapa tuna mfano mkubwa wa kujifunzia: mapiko ya Wamakonde. Mchezaji hufunikwa mwili mzima, kichwani amevaa kinyago cha mti mwepesi kilichochongwa kama uso wa mtu, na kwa wasiofundwa ilitakiwa iaminike kwamba huyo si mtu, ni mzimu. Mvulana akiwa kumbini anafunuliwa kwamba ndani yuko mtu. Anaambiwa pia kwamba kuanzia siku hiyo ni juu yake kutomwambia mwanamke wala mtoto.

Tazama jambo hilo linavyomfanya kijana. Anagundua kwamba amedanganywa, na usiku huo huo anakabidhiwa udanganyifu ule aulinde. Hapati nafasi ya kuwa mlalamikaji, amekwisha kuwa mshirika. Hotuba hata mia juu ya wajibu haziwezi kufanya kazi hiyo.

Siri nzuri ya kubuni ina sifa tatu. Inaweza kujulikana kwa usiku mmoja, kwa sababu kumbi halina muda wa kufundisha elimu ndefu. Haina thamani ikiuzwa: mpelelezi akiiba, anaambulia jambo dogo ambalo nje ya kumbi halimsaidii kitu. Na inamgharimu anayeitunza kila siku. Waandishi wengi hukosea kwenye sifa ya pili. Wanaficha kumbini silaha, au jina la mfalme wa kweli, au njia ya kwenda hazina. Siri ya namna hiyo ingekuwa imeshavuja vizazi vitano vilivyopita.

Kwa Litundu nimetengeneza Mwenye Kiu. Ni kinyago kinachotokea usiku wa kiangazi, kimefungwa majani makavu, kinapita nyumba hadi nyumba na kibuyu kitupu kikidai maji. Nyumba iliyomwaga maji ovyo inaogopa. Watoto wa Litundu hawachezei maji kabisa. Kumbini, usiku wa arobaini, Mwenye Kiu anaingia, anavuliwa majani mbele ya wavulana, na aliye ndani ni mjomba wa mmoja wao. Anampa mpwa wake kile kibuyu na kumwambia, "Mpwa wangu, mimi nimechoka. Kiu sasa ni yako." Basi. Hakuna maelezo mengine.

Mvulana huyo amejifunza kwamba hofu iliyolinda maji ya kijiji ilitengenezwa na watu. Kwa hiyo sheria za maji zote zimetengenezwa na watu, pamoja na zile za Rasini. Hakuna mlezi aliyeyasema hayo. Yako ndani ya tendo lenyewe.

Wasichana usiwaache nje, na usiwape unyago ulio nakala ya jando. Litundu nimeamua kwamba unyagoni msichana anaambiwa jambo moja dogo: siku zote ni wanawake waliokuwa wakijaza kibuyu cha Mwenye Kiu, na waliijua sauti ya kaka yao tangu usiku wa kwanza. Wananyamaza kwa hiari. Wanaume wanaamini wanawaficha wanawake, wanawake wanaamini wanawastahi wanaume, na kijiji kinasimama juu ya adabu hiyo ya pande mbili.

Neno kwa waandishi wa huku. Wengi wenu mmepitia jando au unyago, na mnayajua yaliyosemwa. Msiyaweke kwenye riwaya. Bibi mmoja aliyekuwa kungwi miaka mingi nilipomuuliza mambo ya hadithi alinijibu, "Mjukuu wangu, ya unyagoni hayaletwi barazani," akaendelea kupepeta mchele wake. Alikuwa na haki. Siri ya kubuni inafanya kazi yote ambayo riwaya inahitaji, na haimvunjii mtu kiapo.

Hatua ya 4: Andika wimbo wenye matabaka mawili

Kumbi halina vitabu. Elimu yake imo kwenye nyimbo, na nyimbo hizo mtoto amezisikia kwa mbali miaka mingi kabla hajaingia. Kwa hiyo unahitaji wimbo mmoja, mistari miwili tu, ambao nje una maana ya mchezo na ndani una maana nyingine. Wa Litundu ni huu:

*Mama, kata imevunjika, maji yako wapi?*
*Yako kwa aliyevunja, mwambieni anywe.*

Watoto wanauimba wakikimbizana, na anayeshikwa anamwagiwa kiganja cha vumbi. Kumbini wanafunzwa kwamba kata hiyo ya kuchotea maji ni mfano wa kijiji. Anayekivunja kwa ugomvi anaachiwa maji peke yake, anywe mpaka akome, asiwe na wa kunywa naye. Ni adhabu ya kutengwa. Mtu aliyefundwa akisikia wazee wanauimba taratibu nyuma ya nyumba yake, anafungasha.

Uwekee wimbo huo nafasi tatu katika riwaya: utotoni, kumbini, na siku unaimbwa kwa mtu tunayempenda. Zaidi ya hapo unachosha.

Hatua ya 5: Chuo cha wateule, nafasi zake na daftari lake

Ukubwa wa chuo unatokana na kazi zilizopo. Litundu na Rasini zina makarani wa maji 120, na pamoja na mahakimu, watoza ushuru na waandishi wa bandari tuseme nafasi 300. Kila mtu akifanya kazi miaka 30, zinaachwa wazi nafasi 10 kwa mwaka. Masomo ya miaka minne yanahitaji wanafunzi 40 chuoni kwa wakati mmoja. Kati ya watoto 1,600 wa mwaka mmoja wanachukuliwa 10, yaani mmoja katika kila 160, na kijiji kinapata mtoto wake chuoni mara moja katika miaka 12. Huyo kijiji kizima kinamjua kwa jina. Akifeli, aibu ni ya wote.

Sasa Mwinyi, kwa kutaka sifa, anapandisha idadi hadi 40 kwa mwaka. Makundi 10 ya namna hiyo yakimaliza masomo, kuna vijana 300 waliosoma sheria za maji, wanajua mihuri inavyotengenezwa, na hawana kazi. Wanarudi vijijini. Chuo kilichojengwa kuzaa watiifu kimezaa watu pekee wanaoweza kuiangusha Rasini, kwa sababu ndio pekee wanaosoma hati zake.

Historia yetu inaonyesha jambo la aina hiyo. Shule ya Tabora ilianzishwa na Waingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, ili wawasaidie kutawala. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma hapo. Na Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka vijana wasomi watumikie kwa malipo yaliyopunguzwa sana, Nyerere huyo huyo aliwarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400 na akapunguza mshahara wake mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1967, likaja Azimio la Arusha, na baada yake Elimu ya Kujitegemea. Mtu aliyetoka shule ya wateule akaona wateule wake mwenyewe wanadai fungu, na nchi ikageuza elimu. Hayo ndiyo mageuzi ya kuaminika: yanaanzia kwenye nani alipewa nafasi na alifikiri anastahili nini.

Baada ya nafasi, amua umri wa kuingia. Sijui uamuzi mmoja wenye matokeo mengi kuliko huu. Chuo kikichukua watoto wa miaka 10, kinawachukua kabla ya kumbi. Kikichukua wa miaka 14, wanafika tayari wana kiapo. Mwinyi wa Rasini amechagua miaka 10, makusudi, ili kumbi lisiwaguse. Matokeo yake ni karani mwenye cheo na ufunguo ambaye machoni pa kijiji ni mtoto, kwa kuwa hajafundwa. Wanamwamkia kwa heshima na hawamwambii lolote.

Mtawala mwingine angefanya tofauti. Kule Masasi, Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana, aliyekuwa askofu wa huko tangu 1926 hadi 1944, hakulipiga vita jando. Aliliingiza kanisani: sala na mapadri wakawa ndani ya shughuli, na yale aliyoona hayafai yakaondolewa. Kwa wavulana jambo hilo lilishika. Kwa unyago lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu shughuli ya wasichana ilikuwa mikononi mwa wanawake, na padri hakuwa na mahali pa kukaa humo. Ukitaka Litundu ya pili, yenye Mwinyi mwerevu zaidi, mfanye alipe gharama za kumbi. Mwenye kutoa zile kilo 600 za unga ana haki ya kumweka mlezi wake.

Mwisho, daftari. Siku ya kuandikishwa, karani wa chuo anauliza jina la mtoto na jina la baba. Hakuna safu ya mjomba. Mtoto wa Litundu aliyekuwa akijulikana kwa ukoo wa mama anapewa jina la pili ambalo nyumbani halitumiki, na miaka minne anaitwa kwa jina hilo kila asubuhi. Kisha daftari linatumika kugawa mashamba karibu na mabirika. Mjomba anafika kudai na anaambiwa hamo kwenye kitabu. Safu moja iliyokosekana imehamisha urithi kutoka upande wa mama hadi upande wa baba, na aliyefanya hivyo hakutoa amri yoyote. Chora ukurasa wa daftari hilo kwa mkono kwenye karatasi yako ya maandalizi, na safu zake zote. Utashangaa ni mambo mangapi ya riwaya yamo humo.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila msomaji wa huku anajua maana ya kusoma msingi kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza kukuta masomo kwa Kiingereza. Ukikipa chuo lugha ngeni, onyesha kitu kimoja tu: mwanafunzi anayejua jibu na kukosa neno.

Hatua ya 6: Lipitishe rika moja na uulize swali lile lile mara nne

Chukua watoto watatu wa rika moja na kijiji kimoja. Chihango anachukuliwa na Chuo akiwa na miaka 10. Likwata anakwenda kumbini. Nambunga anaingia unyago. Waulize maji ni ya nani wakiwa na miaka 8, 12, 20 na 35, na uandike jibu la kila mmoja pamoja na sababu.

Wakiwa na miaka 8 jibu ni moja: ni ya Mwenye Kiu. Wote wanaogopa sawasawa.

Wakiwa na miaka 12 wamegawanyika. Likwata anasema ni yetu tuliofundwa, na anaona fahari kupita kiasi, kama ilivyo kwa kila aliyetoka kumbini juzi. Nambunga anasema ni ya mama, halafu anacheka na wenzake kwa jambo ambalo Likwata halielewi. Chihango anasoma kwa sauti kwamba maji ni ya aliyejenga birika. Lakini usiku, kwenye bweni la Rasini, upepo wa kiangazi ukivuma anajifunika shuka kichwani, na wavulana wengine 39 wamejifunika vile vile. Hakuna anayemwambia mwenzake. Wateule wa nchi ndio pekee ambao bado wanakiogopa kinyago, kwa sababu walitolewa kabla hakijavuliwa mbele yao. Jambo hilo sikulipanga wakati nachagua umri wa miaka 10. Limejitokeza nilipolipitisha rika, na ndiyo sababu hatua hii haifai kurukwa.

Wakiwa na miaka 20, Chihango ni karani katika kijiji kisicho chake. Usiku wa ukame Mwenye Kiu anakuja hadi birikani na kibuyu. Ana njia mbili. Akifungua birika, kijiji kinajua kwamba mwenye ufunguo ni mtoto anayeogopa, na kuanzia hapo kinyago kitakuja kila mwezi. Akikataa na kurarua majani, anamvua mzee wa watu mbele ya wanawake na watoto, na kesho yake anasikia wimbo wa kata nyuma ya nyumba. Kila njia ni riwaya nzima. Mimi ningechagua ya kwanza, kwa sababu inamwacha hai na inampa miaka 15 ya kuelewa polepole alichofanyiwa.

Wakiwa na miaka 35, Likwata ndiye anayevaa majani. Haamini tena kwamba maji ni ya waliofundwa: amebeba kiu hiyo kiangazi baada ya kiangazi, na sasa anasema maji ni ya anayechoka kwa ajili yake. Nambunga amenyang'anywa shamba la mama yake kwa sababu ya daftari. Jibu lake ni kali: maji ni ya aliyeandikwa. Anataka kumpeleka binti yake Chuo kwanza, unyago baadaye, na mabibi wanamwona msaliti. Chihango yeye anajibu kwa maneno ya kitabu kama alivyojibu zamani, ila sasa anatazama pembeni.

Rika hilo halina imani moja, na halipaswi kuwa nayo. Linachoshiriki ni mambo yasiyohitaji kusemwa kati yao: wote watatu wanaujua wimbo, wote wanamjua Mwenye Kiu, na wote wanajua kwamba mwaka ule mmoja alichukuliwa. Mtu wa rika lililotangulia, kabla ya mabirika, hawezi kuufuata ugomvi wao. Ukiona wahusika wako wa umri mmoja wanaweza kugombana kwa nusu maneno na wakaelewana, mfumo wako wa elimu unafanya kazi.

Hatua ya 7: Pima kabla ya kuandika

Kipimo cha kwanza: ondoa chuo kwenye muhtasari wa hadithi. Kama matukio yanabaki yale yale, chuo ni pambo, rudi hatua ya 5. Fanya vivyo hivyo kwa kumbi.

Kipimo cha pili: tafuta mtu aliyefaulu na akaumia, na aliyeachwa na akanufaika. Wakikosekana wote wawili, umeandika sifa za shule.

Kipimo cha tatu ni kigumu zaidi. Mtafute mhusika anayeeleza imani yake kwa ufasaha katika sura tatu za kwanza, na umnyamazishe. Watu waliolelewa ndani ya mfumo hawauelezi, wanauishi. Nambunga hasemi "sisi tunafuata ukoo wa mama." Anamtilia kaka yake maji kwanza, mumewe baadaye, na mgeni kutoka Rasini anakunja uso.

Karatasi ya rika ibaki ukurasa mmoja: watoto watatu juu, hatua nne za umri pembeni, majibu kumi na mawili katikati. Jibu likibadilika wakati unaandika, futa na uandike jipya hapo hapo, kisha angalia kama umri unaofuata bado unasimama. Kwa kawaida hausimami, na itabidi uushushe mstari mzima upya.